Sharti la Tundu katika Kigezo cha Bendixson
Fasili isemayo kwamba mtawanyiko usiobadili alama katika "eneo" huzuia njia funge ina kasoro: kigezo cha Bendixson (1901) hudai eneo lisilo na tundu. Tuchukue mfumo huu:

x' = x − y − x(x² + y²)
y' = x + y − y(x² + y²)

Mtawanyiko wake ni 2 − 4r², r ikiwa umbali kutoka kitovu. Panapozidi r² = 1/2 mtawanyiko ni hasi daima, lakini duara r = 1 ni njia funge. Kwa kanuni ya Green, jumla ya mtawanyiko ndani ya njia funge lazima iwe sifuri. Hapa sehemu chanya iliyofidia hasi imefichwa tunduni. Fasili ya Kiswahili haina budi kutamka: "eneo lisilo na tundu".