‘Kitolewe’ saa 3:00: Karatasi moja ya arusi na wasomaji wake wawili

Majuzi nilialikwa kwenye karamu ya arusi ya mpwa wangu katika ukumbi mmoja jijini Nakuru. Nilikwenda kula pilau, si kufanya utafiti. Hata hivyo, mwalimu wa lugha ni kama fundi cherehani: hata akiwa mgeni, macho yake hutua kwenye mishono. Karibu na mlango wa jikoni palikuwa pamebandikwa karatasi yenye safu mbili, ya kushoto Kiingereza na ya kulia Kiswahili. Ilikuwa ratiba ya utekelezaji, ile ambayo wahudumu huiita programu tu, inayoonyesha nani afanye nini na saa ngapi tangu maharusi waingie hadi viti vikusanywe.

Mpenzi msomaji, leo nataka tuihakiki karatasi hiyo kama tunavyohakiki matini nyingine yoyote. Mtaalamu wa tafsiri Katharina Reiss aligawa matini kwa kutazama kazi zake: zipo za kupasha habari, zipo za kujieleza kisanaa, na zipo za kumfanya msomaji atende jambo. Mwenzake Hans Vermeer naye alisisitiza kwamba tafsiri ipimwe kwa lengo lake. Ratiba ya ukumbini ni matini ya kutenda. Sahani ikifika mezani kwa wakati wake, tafsiri imefaulu. Isipofika, ufasaha wa sarufi hautamshibisha mtu.

Kwanza tuipe karatasi haki yake. Mistari ilikuwa na nambari, na mstari wa 5 wa Kiingereza ulikabiliana na mstari wa 5 wa Kiswahili. Hilo ni jema, kwa sababu msimamizi anayesoma kushoto anaweza kumwambia weita anayesoma kulia, “Tuko namba tano,” wakaelewana. Isitoshe, mtafsiri hakujitutumua kwa misamiati ya kamusini. Bafe aliiita bafe, soda akaiita soda.

Shida ilijificha katika mstari wa 9. Kushoto uliagiza kwamba saa tisa alasiri chakula cha awamu ya pili kitoke. Kulia uliandikwa hivi: “Saa 3:00 – Chakula cha awamu ya pili kitolewe.” Awamu hiyo ilikuwa ya wageni kama mia moja wa upande wa bibi harusi, waliokuwa safarini kutoka Eldama Ravine, kati ya wageni mia tatu waliotarajiwa.

Tuanze na saa. Kila Mkenya anajua kwamba saa ya Kiswahili na ya Kiingereza hupishana kwa sita. Sisi huhesabu kuanzia kucha na kuchwa. Nakuru iko karibu sana na ikweta na jua lake huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo hesabu hiyo haimsumbui mtu. Mkikuyu naye huhesabu vivyo hivyo katika lugha yake. Tatizo la karatasi hii halikuwa kutumia mfumo huu au ule. Ilitumia yote miwili bila kusema. Mistari ya kwanza sita ilibadilishwa sawasawa: maharusi waingie saa 7:00, chakula cha kwanza saa 7:45. Kuanzia mstari wa 7 mtafsiri alichoka, nadhani, akatafsiri maneno na kuziacha tarakimu zilivyokuwa kwenye Kiingereza.

Angekosea karatasi nzima, kosa lingeonekana mara moja, kwa kuwa hakuna anayekula chakula cha mchana saa moja na dakika arobaini na tano. Lakini mpishi aliyesoma 7:45, kisha 8:30, alikuwa ameshauamini mfumo wa karatasi. Alipofika kwenye 3:00 alifanya jambo la busara kabisa: aliona kwamba baada ya saa nane na nusu mchana, saa tatu inayofuata ni ya usiku. Akadhani awamu ya pili ni ya kamati na jamaa watakaobaki kukesha. Akaziteremsha sufuria motoni.

Tutazame sasa kitenzi. Katika Kiswahili, ‘toa’ hubeba maana zinazoweza kugombana. Mwenye nyumba hutoa chakula kwa wageni, yaani huwapa. Mtoto hutoa vyombo mezani, yaani huviondoa. Tukisema ‘kitolewe’, mwelekeo wa tendo hutegemea mahali aliposimama msikilizaji. Aliye jikoni husikia: kitoke huku kiende ukumbini. Aliye ukumbini, bafe ikiwa mbele yake, husikia: kitoke hapa mezani. Kiingereza cha safu ya kushoto nacho kilikuwa na ugonjwa uohuo, kwa kuwa kiliandikwa kwa mtazamo wa mtu aliye jikoni. Mtafsiri aliurithi mtazamo huo bila kuutambua.

Kwa hiyo, saa tisa alasiri ilipogonga, kijana mmoja wa ukumbini aliyekuwa na mazoea ya saa za Kiingereza aliielewa 3:00 barabara, lakini akakielewa kitenzi kinyume. Wakati mpishi jikoni amekielewa kitenzi na kukosea saa, kijana ukumbini alikuwa ameelewa saa na kukosea kitenzi. Kuku na pilau iliyobaki kwenye bafe ikaondolewa. Basi la kutoka Ravine likaingia dakika chache baadaye. Nilipomuuliza yule kijana kwa upole, alinijibu: “Mwalimu, imeandikwa kitolewe. Mimi nikatoa.” Sikuwa na la kumjibu. Kisarufi alikuwa sahihi.

Chakula kilipopashwa moto upya, mstari wa 10 ukaongeza chumvi kwenye kidonda. Ulisema, “Wakwe wahudumiwe kwanza.” Familia ya bwana harusi, ambayo ndiyo iliyoandaa karamu, ilimaanisha wazazi wa binti. Lakini neno ‘mkwe’ halimtaji mtu. Hutaja uhusiano, na uhusiano hutazamwa kutoka upande mmoja. Kwa wazazi wa binti, wakwe ni wale wengine. Siku hiyo, aliyewaelekeza wahudumu alikuwa shangazi yake bibi harusi. Akauliza kwa moyo mweupe, “Wakwe wako wapi?” halafu akaonyesha meza ya wazazi wa kijana. Sahani za kwanza zikaenda kwa watu waliokuwa wamekwisha kula.

Wazee wa Ravine hawakupiga kelele. Mmoja wao alipopewa kipaza sauti alisema tu kwamba wao wameshiba kwa macho. Mnaozijua desturi zetu mtaelewa uzito wa kauli hiyo. Ilibidi mzee wa upande wetu asimame aombe radhi hadharani, na mambo yakatulia.

Utaona kwamba makosa haya matatu ni kosa moja. Saa 3:00, kitolewe na wakwe ni maneno ambayo maana yake hukamilika tu ukijua msemaji amesimama wapi: katika mfumo gani wa saa, upande gani wa mlango, katika ukoo gani. Wanaisimu huiita dhana hii deiksisi. Katika mazungumzo haitusumbui, maana tunaonana na tunaweza kuashiria kwa kidole. Karatasi haina kidole. Hubandikwa ukutani na kusomwa na watu waliosimama pahali tofauti, kila mmoja akiwa na haraka na sinia mkononi.

Baadhi ya wenzangu watasema dawa ni kuifuta safu moja na kubaki na Kiingereza. Sikubali. Kwanza, nimeshaonyesha kwamba Kiingereza hicho kilikuwa na mtazamo wa jikoni vilevile. Pili, wapishi na wahudumu wengi husemezana kwa Kiswahili wakiwa kazini, na agizo lililoandikwa kwa Kiingereza litatafsiriwa tu, ila kwa mdomo na bila mtu wa kulihakiki. Afadhali kosa lililo ukutani ambalo tunaweza kulisahihisha.

Mimi ningeuandika mstari wa 9 hivi: “Saa 9:00 alasiri (15:00). Jikoni: leteni ukumbini sahani 100 za awamu ya pili. Ukumbini: msiondoe chakula kwenye bafe hadi mfawidhi aanze kuita hotuba.” Mstari wa 10 ungesomeka: “Wazazi na wazee wa bibi harusi, meza ya 2 na ya 3, wahudumiwe kwanza.” Ni mirefu zaidi, nakiri. Lakini kila tendo lina mtendaji, ‘leta’ na ‘ondoa’ haziwezi kubadilishana, na meza ina nambari. Tarakimu 15:00 nayo inasaidia kwa sababu hakuna saa ya Kiswahili inayopita kumi na mbili. Haiwezi kusomwa vingine. Kinga hiyo ina mpaka wake: kabla ya adhuhuri, 8:00 inaweza kuwa saa mbili asubuhi au saa nane mchana. Hapo neno ‘asubuhi’ au ‘mchana’ lazima liandikwe. Pia, kuondoa chakula nimekufungamanisha na sauti ya mfawidhi, yule emsii wetu, badala ya saa. Arusi huchelewa, na sauti yake husikika na wote waliomo ukumbini.

Nimalizie kwa kukiri jambo. Chini ya karatasi ile palikuwa na onyo kwa wapishi, lililosema chakula kilichopikwa kisikae bila moto zaidi ya “masaa mawili”. Onyo lenyewe ni la kweli, kwani hiyo ndiyo kanuni ya kawaida ya usalama wa chakula. Ila kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikilikata neno ‘masaa’ kwa kalamu nyekundu katika insha za wanafunzi. Saa ni saa, umoja na wingi. Lakini hebu weka usanifu huo kwenye karatasi ile: “Chakula kisikae bila moto zaidi ya saa mbili.” Ni muda wa saa mbili, au ni hadi saa mbili usiku? Mpishi aliyekwisha kupotezwa na saa 3:00 angepotezwa tena, na safari hii angelisha watu chakula kilichoharibika.

Aliyeandika ‘masaa’ aliona pengo ambalo mimi sikuliona: lugha ya mazungumzo imetenga saa ya kutaja wakati na masaa ya kupima muda. Bado nitawashauri wanafunzi waandike ‘muda wa saa mbili’, ambayo ni sanifu na haina utata. Lakini kalamu yangu nyekundu, nikilikuta neno hilo tena, itasita kidogo. Katika karatasi nzima, hilo ndilo agizo pekee la wakati ambalo hakuna aliyelielewa vibaya.