Sifa za Mwenye Kuandikia Macho na Masikio

Miongoni mwa kazi za kalamu zisizo na jina kubwa, naistahi sana ile ya mtu apewaye tangazo la serikali, lenye mhuri na vifungu vyake, akatakiwa kuligeuza kuwa maneno ya filamu ya dakika moja, itakayotazamwa katika simu na watu ambao kusoma kwao ni kwa taabu. Msomaji akikwama katikati ya sentensi hurudi mwanzo wake. Mtazamaji aghalabu hana pa kurudi, na katika dakika moja ya Kiswahili kisemwacho kwa utulivu hayaingii maneno zaidi ya mia moja hivi.

Chukua tangazo la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi juu ya uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, kazi iliyoanzia Kigoma mwezi Julai 2024. Liliwaita kwa pamoja raia aliyetimiza miaka 18, na yule atakayeitimiza kabla ya Uchaguzi Mkuu wa 2025, na aliyehama, na aliyepotewa na kadi au ambaye kadi yake imeharibika, na mwenye taarifa za kurekebisha. Ama mwenye kadi nzima asiyehama, huyo hakuwa na haja ya kwenda. Maandishi ya namna hii si mabaya, kwa kuwa sheria sharti ifunge kila mlango. Taabu huanza katika ile "ila" na ile "isipokuwa", maana picha haijui kukanusha.

Mwanafunzi wa kazi hii, akitaka kusema kwamba mwenye kadi nzima asijisumbue, humchora mzee ameshika kadi yake katika foleni, kisha hutia msalaba mwekundu juu yake. Mtazamaji humwona mzee, huiona kadi, huiona foleni. Msalaba kwake huenda ukawa pambo tu, na kesho yake asubuhi huichukua kadi yake akaenda kusimama vivyo hivyo. Fundi hufanya vingine. Hugawa ukurasa mara mbili, kushoto kionekanacho, kulia kisikikacho, na kila sharti la hati hulipa mwili wa mtu mmoja. Kushoto: fundi seremala ameitia kadi yake mfukoni, anaendelea kupiga randa. Kulia: "Mimi nina kadi yangu, sijahama. Niko kazini." Kisha binti wa miaka 17, aliyezaliwa Machi 2007: "Mwakani, mwezi wa tatu, natimiza kumi na minane. Leo naenda kujiandikisha." Kisha mvuvi aliyehama Kasulu akakaa Ujiji, anaionyesha kadi ya zamani: "Nimehama, naenda kubadilisha." Hapana aliyekatazwa jambo, na kila mmoja ameonekana akitenda lililo lake.

Wakati una hila zake. Vituo vilifunguliwa saa 2:00 asubuhi na kufungwa saa 12:00 jioni. Simu huonyesha 08:00 ilhali ulimi unasema saa mbili, kwa hiyo fundi huiondoa saa ya tarakimu katika picha. Basi atie nini? Mwandishi wa Dar es Salaam angetia jua likizama, na angewapoteza watu wa Kigoma, kwa sababu huko magharibi ya mbali mwezi Julai jua huzama Ziwa Tanganyika karibu saa moja ya usiku, takriban saa nzima baada ya mlango kufungwa. Picha iliyo sahihi ni ya karani akifunga mlango hali jua lingali juu ya maji, na sauti ikitaja saa kumi na mbili mara mbili.

Kisha huja mtihani, na hapa ndipo nilipojifunza kuwaheshimu watu wa kazi hii. Hawaulizi, "Umefahamu, mama?", maana kwa adabu kila mtu hujibu kuwa amefahamu. Huuliza, "Wewe kesho utafanya nini? Na kijana wako je?" Mama akisema atakwenda na kadi yake nzima, kosa si lake, ni la mstari wa seremala, nao huandikwa upya.

Limebaki jambo ambalo hati ya ukutani haina. Karatasi hubanduliwa, lakini filamu huzunguka katika WhatsApp miezi mingi, ikifika mikoa isiyohusika. Kazi ile ya Kigoma ilikuwa imetangazwa kuanza tarehe 1 Julai, ikaahirishwa hadi tarehe 20. Ndiyo maana fundi huiweka tarehe katika kipande chake peke yake, pasipo muziki wala mtu anayesema mengine juu yake, kikitaja siku, tarehe, mwezi, mwaka na mkoa kwa sauti: "Kigoma, Jumamosi tarehe ishirini Julai, mwaka elfu mbili ishirini na nne, hadi Ijumaa tarehe ishirini na sita." Siku zikibadilika hukikata hicho, akarekodi kingine, akatanguliza maneno kwamba tarehe iliyosikika kwanza imeondolewa, seremala, binti na mvuvi huwaacha walipo.