Barua mbili juu ya mfereji mmoja

Mzee anayeandikia watu barua katika sekretaria publiki moja ya kartie Saio, Bunia, hagusi kompyuta mapema. Huanza na biki na karatasi tupu. Mama aliyeketi mbele yake amekuja na hasira: jirani amechimba mfereji, na kila mvua inaponyesha maji yanaingia katika parsele yake na kula msingi wa nyumba. Anataka barua kwa shefu wa kartie. Mzee anaandika kwa Kiswahili, vilevile mama anavyosema: “Ninataka uje uone vile huyu mutu mubaya anaharibu nyumba yangu.” Hamkatizi. Kwenye karatasi hii ya kwanza hasira inaruhusiwa, kwa sababu ndani yake ndimo ukweli wa jambo ulimo.

Ndipo anaanza kupanga. Juu, upande wa kushoto, jina la mama, avenu na nambari ya simu. Kulia, Bunia na tarehe. Chini ya tarehe zinatajwa ofisi zitakazopata kopi, mkubwa akitangulia. Mama anafikiria kupeleka kopi mpaka kwa gavana, na mzee anatulia kidogo juu ya mstari huo. Gavana huitwa Ekselansi, wala si Bwana tu. Na tangu utawala wa kijeshi uanze Ituri tarehe 6 Mei 2021, mwenye kiti hicho ni jenerali, kwa hiyo cheo chake cha jeshi lazima kionekane pia. Halafu mzee anauliza kwa upole, “Mama, kabla shefu hajakataa, tutamshitaki kwa gavana?” Jina la gavana linafutwa. Inabaki meri peke yake.

Sasa anafika kwa mwenyewe anayeandikiwa. Barabarani kila mtu husema “Shefu”. Katika barua anakuwa Bwana Shefu wa Kartie, na mzee anachora mstari chini ya maneno hayo ili ayarudie bila kubadili hata moja kwenye salamu ya mwisho. Barua inayofungua na Bwana Shefu wa Kartie na kufunga na “mzee wetu” husomeka kama imeandikwa na watu wawili.

Vitenzi ndivyo vinavyomchukua muda. “Ninataka” inakuwa “nina heshima ya kuja mbele ya ofisi yako kuomba”. “Uje uone” inageuka “utume mtu wa ofisi aangalie mfereji”, maana anayeombwa ni ofisi, si miguu ya shefu. “Mutu mubaya” anakuwa “jirani yangu wa upande wa juu”. Pahali pa tusi mzee anaweka kipimo: mfereji unapita mita 3 kutoka ukutani, na ufa umeonekana kwenye kona ya chumba cha watoto. Mama anapendekeza waongeze “ninapiga magoti mbele yako”. Mzee anakataa, nami naona hapo ndipo ustadi wake ulipo. Apigaye magoti anaomba zawadi. Mama huyu anaomba ofisi ifanye kazi yake. Heshima inatosha. Mwishoni anaandika: “Pokea, Bwana Shefu wa Kartie, hisia zangu za uzalendo.” Baadaye ataipiga yote kwa Kifaransa, lugha rasmi ya serikali, kisha amsomee mama tena kwa Kiswahili kabla hajatia saini. Kopi mbili: moja inabaki ofisini, nyingine inarudi na muhuri na tarehe ya kupokelewa.

Lakini mzee anachukua karatasi nyingine. Jirani ana baba mkubwa, mtu wa umri, ambaye ukoo wote humsikiliza. Barua ya kwenda kwake haipigwi kwa mashine. Haina kichwa cha habari, wala kopi kwa mtu yeyote, kwani kumwandikia mzee huku wengine wakisoma ni kumweka barazani. Inaanza na salamu, kwake na kwa watu wote wa nyumbani, inamuuliza hali ya afya, inataja kwamba mama huyu na mke wa jirani huchota maji pamoja. Jambo lenyewe linaingia katika aya ya tatu, na mwenye kosa hatajwi: “Baba, maji ya mvua yametushinda sisi watoto wako.” Vile vipimo vya mita havimo. Mama alikuwa amesema “haraka”, neno ambalo katika barua ya ofisi mzee aliliacha libaki. Hapa analifuta, anaandika “siku utakayoona inafaa, utuite wote wawili”.

Barua ya mkono inatangulia, ikipelekwa na kijana wa ukoo, si na mtoto wa mama. Ile ya ofisi imewekwa tarehe ya wiki inayofuata, na bado haina saini.