Mkono Usiozidisha Wala Kupunguza

Mzinga mmoja wa vodka una mililita 750. Ukiumimina kwa toti ya mililita 30, unatoa toti 25 kamili. Mkono ukizidisha mililita 5 tu kila mara, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, mzinga uleule unatoa toti 21 na kidogo. Toti 3 na nusu zimekwenda na hakuna aliyeiba. Toti ikiuzwa shilingi 300, kila mzinga umepoteza zaidi ya shilingi 1,000. Mteja naye hakuonja tofauti yoyote, kwa hiyo hata shukrani haikupatikana.

Ndiyo maana napenda kumtazama fundi wa kaunta anayepima. Nilimtazama mmoja kwa muda mrefu katika baa ya ufukweni kule Diani, mtu wa makamo, mkimya, ambaye wahudumu vijana humwita Mzee ingawa hana mvi. Kipimo chake ni chembamba na kirefu, cha chuma, chenye mistari ndani. Pale kaunta vilikuwepo vile vya kawaida, vifupi, vyenye umbo la koni, lakini yeye havigusi. Nilimuuliza kwa nini.

“Angalia hapa juu,” akanionyesha mdomo wa koni. “Pombe nyingi inakaa huku kwenye upana. Ukiachia kidogo tu kabla ya ukingo, umemdhulumu mtu.”

Hesabu inamuunga mkono. Katika koni yenye kina cha milimita 40, ukisita milimita 2 kabla ya ukingo umepunguza takriban asilimia 14, yaani zaidi ya mililita 4 katika toti ya 30. Katika kipimo chembamba chenye kina cha milimita 60, milimita 2 zilezile ni mililita 1 tu. Macho ya binadamu na mwanga hafifu wa baa ni vilevile. Umbo la chombo ndilo lililopunguza kosa.

Kisha kuna namna anavyomimina. Hushika kipimo wima juu ya glasi, kwa vidole viwili na gumba, usawa wa kifua chake ili macho yauone ukingo bila kuinama. Chupa huipindua kwa mkupuo mmoja ili mkondo utoke sawasawa, na pombe ikifika ukingoni huikata kwa kuzungusha kiwiko, bila tone kubaki likining'inia. Midomo ya plastiki na chuma inayochomekwa kwenye chupa huichomoa kila usiku, anailoweka katika maji ya moto, asubuhi anaikausha. Sukari ya likeri ikiganda ndani, mkondo hupungua, na kijana aliyezoea kuhesabu kimoyomoyo “moja, mbili, tatu” anamimina pungufu bila kujua. Kesho mdomo umesafishwa, hesabu ni ileile, glasi imezidi. Kumimina kwa kuhesabu kunaweza kufunzwa vizuri, na nimeona wanaokuweza, lakini kunategemea chupa, mdomo wake na joto la siku. Kipimo hakitegemei chochote kati ya hivyo.

Kazi yake ya pili hufanyika zamu zinapopokezana na baa ikiwa imefungwa, na wateja hawaioni. Ana mizani ya jikoni, ya dijitali, inayosoma gramu. Kila aina ya chupa anayouza aliwahi kuipima ikiwa tupu, bila kifuniko, na uzito huo ameuandika katika daftari. Vodka ya asilimia 40 ina uzito wa karibu gramu 0.95 kwa mililita. Basi mzinga uliofunguliwa ukisoma gramu 995, na chupa yake tupu ni gramu 520, ndani mna gramu 475. Gawanya kwa 0.95: mililita 500. Hakuna tena kukisia kwa jicho kwamba “hii imebaki robo tatu hivi.” Likeri zenye sukari ni nzito zaidi, kwa hiyo kila moja ina namba yake ya kugawanyia. Aliipata kwa kupima mililita 100 za kila moja.

Pembeni ya mizani kuna daftari la pili, la vilivyomwagika. Glasi imepinduka, kinywaji kimetengenezwa kimakosa kikarudishwa, meneja ametoa toti ya bure kwa mgeni wa harusi: vyote huandikwa hapohapo, pamoja na saa na jina la aliyekuwa zamu. Sharti lake kwa vijana ni moja, kwamba anayeandika hakatwi mshahara. Naona hekima kubwa hapo. Penye makato, daftari hubaki jeupe, na bosi akafurahia weupe huo huku pombe ikipotea.

Alinionyesha hesabu za vodka za juma moja. Walianza na mililita 4,800, wakapokea mizinga 12, yaani 9,000, na wakafunga juma na 3,825. Zilizotumika ni 9,975. Mashine ya mauzo ilisema wameuza kokteli 110 za Dawa, kila moja mililita 60, na toti 98 za kawaida. Jumla 9,540. Pengo ni mililita 435. Daftari la mwagiko lilieleza 180 kati ya hizo. Zikabaki 255 zisizo na mwenyewe, kama asilimia 2 na nusu ya zilizotumika.

Wenye baa wengi wangeishia hapo kwa ghadhabu, wamwite mlinzi apekue mabegi. Yeye alitenganisha zamu, kwa sababu hupima chupa kila zamu inapopokezana. Zamu ya mchana ilikuwa sawa. Upungufu wote ulikuwa wa usiku, na katika vodka pekee; jini na ramu hazikupungua kitu. Usiku ndio Dawa huuzwa kwa wingi, na juma hilo ziliuzwa 70 katika zamu hiyo. Mililita 255 kwa Dawa 70 ni mililita 3 na nusu hivi kila glasi. Wizi hauna tabia ya kujigawa sawasawa namna hiyo. Alimwita kijana wa usiku, akampa chupa ya maji yenye mdomo uleule, akamwambia atengeneze Dawa kama anavyotengeneza baa ikiwa imejaa. Kijana akamimina moja kwa moja juu ya barafu iliyopondwa. Mzee alipomwaga maji hayo katika silinda ya glasi yenye mistari, kabla barafu haijayeyuka, ilisoma 64.

“Barafu inakudanganya,” alimwambia. “Ukiona pombe juu ya barafu, tayari imezidi.”

Kijana hakufukuzwa wala hakutishwa. Alirudishiwa kipimo, na sheria ikawa kwamba pombe inaingia kwenye glasi kabla ya barafu.

Si kila pengo huisha kwa upole huo. Upungufu ukiwa katika chupa moja ya bei ghali, zamu moja, siku zilezile, hapo pana mauzo yasiyoingizwa kwenye mashine. Chupa ikiongezwa maji, wingi unalingana na mizani haioni kitu cha maana, hivyo ana haidromita ya kupimia nguvu ya kilevi. Kwa anayeleta mzinga wake kutoka dukani na kuuza kimyakimya, dawa yake ni kubandika alama kwenye kila chupa ya stoku na kutotoa mpya mpaka tupu yenye alama irudi. Jambo nililolistahi zaidi, hata hivyo, ni kwamba ziada humtia wasiwasi sawa na upungufu. Mizani ikionyesha vodka nyingi kuliko inavyotakiwa, kuna mtu amelipia 60 akapewa 55, naye huanza upelelezi uleule.

Bei nayo huipanga kwa subira hiyohiyo, akianzia chini. Chukua Dawa, kokteli ambayo mkahawa wa Carnivore wa Nairobi uliipa sifa: vodka, ndimu iliyokatwa, sukari, barafu, na kijiti kilichoviringishwa asali ambacho mteja anapondea mwenyewe. Tuseme mzinga umenunuliwa shilingi 1,500 kabla ya VAT, yaani shilingi 2 kwa mililita. Vodka ya glasi moja ni 120. Ndimu 10, asali 22, sukari 2, barafu 10. Hiyo ni 164. Anaongeza asilimia 5 ya ndimu zilizokauka na asali inayobaki kwenye kijiti, inakuwa 172. Asali ndiyo wengi huisahau, na ni ya pili kwa gharama katika glasi nzima.

Lengo lake kwa kokteli ni gharama isiyozidi asilimia 22 ya mauzo. Anagawanya 172 kwa 0.22, anapata 782. Lakini hiyo si bei ya menyu. Kenya kuna VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, na fedha hizo si za baa. Ukiziongeza unafika 923. Menyu inaandika 950, na ukiondoa kodi baa inabaki na 805, gharama ikiwa asilimia 21 na kidogo. Aliyegawanya 172 kwa bei ya menyu angedhani ana asilimia 18, akashangaa mwisho wa mwezi.

Asilimia yenyewe haiabudu. Wiski inayonunuliwa shilingi 6,000 inagharimu 240 kwa toti. Kwa asilimia 22 ingebidi iuzwe karibu 1,290, na chupa ingekaa rafuni ikikusanya vumbi. Anaiuza 900. Gharama inapanda hadi asilimia 31, lakini kila toti inamwachia shilingi 523 baada ya kodi. Vodka ya 300, ambayo asilimia yake ni nzuri, inamwachia 194. Kodi ya pango hulipwa kwa shilingi, kwa hiyo husoma safu zote mbili, ya asilimia na ya shilingi, kabla ya kugusa menyu. Bei ya ndimu ikiruka anapiga hesabu upya, na mara nyingi huamua kuiacha Dawa palepale, kwa kuwa ndimu hata ikifika shilingi 20 inasogeza gharama kwa asilimia 1 na kidogo tu. Vodka ndiyo inayoamua, na vodka imo mikononi mwa anayemimina.

Mwenye baa anayepanga kununua kamera ya kaunta, namsihi anunue kwanza mizani ya jikoni na vipimo viwili virefu vyenye mistari. Kesho asubuhi, kabla hajafungua, apime chupa tupu za jana moja moja na aandike uzito wake. Bila namba hizo, hesabu ya stoku ya usiku itabaki kuwa ya kukisia.