Dakika Tano za Chake Chake

Katika sanaa ambazo hazina chuo wala hati, na ambazo watu wa Pemba wamezikamilisha kwa kukaa katika kisiwa ambacho milango yake ni bahari, naitukuza sana sanaa ya kupanga safari yenye kubadili chombo, na hasa ule uhodari wa kutazama dakika tano zilizobaki baina ya gari na gari, na kuzihukumu kwa insafu kama zatosha au hazitoshi.

Msafiri aliye Wete, anayetaka kuiwahi meli ya asubuhi ya Unguja katika bandari ya Mkoani, ana vipande viwili vya barabara mbele yake, kila kimoja yapata kilomita 30, na baina yao ipo Chake Chake, ambako hushuka garini na kupanda nyingine, ile ya namba 603. Tuseme tikiti yake yataja 07:30, yaani saa moja u nusu, na abiria watakiwa langoni nusu saa kabla. Basi saa yake ya kweli ni saa moja kamili, kwani ile iliyoandikwa ni saa ya meli, wala si ya mtu. Akirudi nyuma kwa hesabu, mwendo wa saa moja na ziada ya robo saa kwa vituo vya njiani vyamtaka aondoke Chake saa kumi na mbili kasorobo. Na gari ya Wete, ikitoka saa kumi na nusu alfajiri, humfikisha huko saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini. Zimebaki tano.

Mwenye haraka huuliza: "Mnafika saa ngapi?" na utingo humpa saa ya siku njema. Fundi wa safari huuliza jana mlifika saa ngapi, na juzi, na siku ile ya mvua ya masika, kisha huishika ile iliyochelewa kuliko zote, kwa sababu tafauti baina ya mapema na mwisho ndiyo kipimo, na ikiwa tafauti hiyo ni robo saa, dakika tano si nafasi bali ni tamaa. Tena hutazama yaliyo yakini. Adhana ya alfajiri huingia karibu na saa kumi na moja, gari ingali njiani, na abiria hushuka msikitini kusali. Muda huo si ajali wala uchelewaji, ni sehemu ya safari, na asiyeutia katika hesabu hakuhesabu. Msimu wa karafuu nao una hukumu yake, kwani wachumaji hupanda na kushuka kila kijiji, na magunia huteremshwa kutoka juu ya paa moja baada ya jingine huku mzigo wako u chini yake.

Lakini naona jambo moja ni kubwa kuliko haya yote. Gari ya 603 haiondoki kwa saa, huondoka kwa kujaa. Hivyo dakika tano za Chake zaweza kuwa si kitu siku ambayo gari i tupu na itasubiri, na zaweza kuwa nyingi siku ya meli, ikiwa katika gari ya Wete mmo abiria kumi wa Mkoani, nanyi ndio mtakaoijaza. Utingo mwerevu humpigia simu mwenzake wa Chake, naye huwangoja kwa maslahi yake mwenyewe. Nchini Uswisi, tangu ratiba kuu ya Desemba 2004, treni nyingi hukutana katika stesheni kubwa kwa wakati mmoja ili abiria abadili kwa dakika chache, na huko saa ndiyo mdhamini; Chake Chake mdhamini ni idadi ya watu.

Kisha lipo swali la kinachofuata ukikosa. Ukiikosa 603, ipo nyingine itakayojaa baadaye. Ukiikosa meli, huenda ukalala na pengine kupoteza ndege ya Dar es Salaam. Kwa hiyo katika mfano wetu nahukumu kuwa dakika tano hazikubaliki, ijapokuwa siku nyingi zitatosha: msafiri na alale Chake au Mkoani kwa jamaa, au yeye na wenziwe wakodi gari moja ya moja kwa moja kutoka Wete.

Wakati wa kurudi hukumu hugeuka. Meli ikitia nanga Mkoani, magari huwa yamekwisha kujipanga yakiingoja, nayo hayana pa kwenda kabla ya abiria kushuka. Hapo dakika tano hukubaliwa bila ya shaka, maadamu mzigo wako ni wa mkononi, kwani walioweka shehena chini melini hushuka wa mwisho, na gari za mwanzo huwa zimekwisha jaa na kuondoka.