Taa Inayofika Saa Sita

Boksi la taa ya sola lina upande ambao wanunuzi wengi hawausomi. Chukua taa moja ya kawaida ya mkononi, ile yenye kishikio juu na paneli ndogo ya pembeni:

Mwanga: lumeni 100 / 25
Muda: saa 5 / 20
Paneli: wati 2
Betri: LiFePO4, 3.2 V, 1500 mAh
Mizunguko ya betri: 2000
Chaji: saa 5 za jua
USB: 5 V, 1 A
Kinga: IP65

Orodha hii haina uongo hata mmoja, na haiuzi taa. Imeandikwa na mhandisi kwa ajili ya mhandisi mwenzake. Dar es Salaam nimepata kumtazama dada mmoja mwandishi wa matangazo akiigeuza orodha ya namna hii kuwa maneno ya mbele ya boksi, na tangu hapo kila nikiona tangazo la taa nalisoma polepole, nikitafuta kama aliyeliandika alipita njia ile ile.

Njia yenyewe inaanzia dukani, mezani baadaye. Dada huyo husimama pembeni ya kaunta akasikiliza watu wanauliza nini. Lumeni haziulizwi. Mama mmoja anaigeuza taa mkononi na kusema, “Kaka, hii inafika asubuhi?” Muuzaji anajibu, “Inafika, mama, ukiiweka kwenye mwanga mdogo.” Mwingine anauliza kama inachaji simu. Mwingine anataka kujua ikinyeshewa itakuwaje. Akirudi mezani anaipanga upya orodha kwa mfuatano wa maswali hayo, hivyo muda unapanda juu kabisa na paneli inashuka. Bado hajaandika neno hata moja la kusifia, lakini nusu ya kazi imekwisha.

Sasa anashika “saa 5 / 20”. Watu hawahesabu muda wa taa kwa jumla ya saa, wanauhesabu kwa usiku wao. Kwa hiyo anaandika: “Iwashe saa moja jioni kwa mwanga mkubwa, saa sita usiku bado inawaka.” Kisha: “Kwa mwanga mdogo inakesha hadi asubuhi, na usiku unaofuata inakufikisha alfajiri.” Hapo husimama na kupiga hesabu. Saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa kumi na moja, zinabaki tisa, na tisa kutoka saa moja jioni zinafika saa kumi alfajiri. Sentensi inakaa. Ingekuwa saa 16, angeifuta sehemu ya pili bila huruma.

Lumeni zinampa kazi zaidi, na mimi naona hapa ndipo waandishi wengi wanapoharibu. Kibatari cha utambi hutoa lumeni kumi hivi, kwa hiyo sentensi inayokuja yenyewe ni “mwanga mara kumi ya kibatari”. Ni kweli, ila haimwambii mtu atakachoweza kufanya. Inayokuja ya pili ni mbaya kuliko hiyo: “inaangaza nyumba nzima”. Nuru ikisambaa haibaki ilivyo. Ukiwa mbali mara mbili, unachopata ni robo. Taa ya lumeni 100 ikiwa nusu mita kutoka kwenye daftari, mwandiko wa penseli unasomeka vizuri. Itundike darini, umbali wa mita mbili, na mtoto ataanza kuinamia karatasi. Dada huyu hujaribu kweli, kwa daftari la shule na penseli iliyochoka, chumba kikiwa giza, akiisogeza taa kidogo kidogo. Kinachotoka ni hiki: “Iweke katikati ya meza, watoto watatu wasome pamoja.” Neno linalobeba mzigo hapo ni “katikati ya meza”. Ni maelezo ya matumizi yaliyojificha ndani ya sifa, na mteja akiyafuata hatarudi dukani kulalamika.

Chaji ya simu ndiyo mtego mkubwa. Tundu la USB lipo, na kwenye maboksi mengi utaona picha ya simu janja imechomekwa, inang'aa. Yeye huzidisha: volti 3.2 kwa 1.5 Ah ni 4.8, yaani betri nzima ina wati-saa zisizofika tano. Simu ndogo ya kitochi yenye betri ya 1000 mAh inahitaji karibu 3.7, na njiani umeme mwingine unapotea kama joto. Maana yake kitochi kimoja kinakaribia kuimaliza taa. Simu janja ya 5000 mAh inataka kama 19. Taa hii haiwezi kuipa hata robo. Picha ile, basi, inatoka. Badala yake: “Inajaza simu ya kitochi mara moja. Ichaji mchana, taa ikiwa juani, ili usiku mwanga usipungue.” Bosi wa mauzo atanung'unika kwamba sentensi hii inapunguza utamu. Inapunguza kweli. Lakini mtu aliyeahidiwa simu janja akapata asilimia chache na giza juu yake, atawasimulia majirani wote, na duka la mtaani linaishi kwa majirani.

Mbali na majirani, wapo pia wanaohakiki ahadi za boksi kwa vipimo. Viwango vilivyoanzishwa chini ya Lighting Global, mpango uliotoka Benki ya Dunia, vina kipengele cha ukweli wa matangazo: taa inapimwa maabara, matokeo yanalinganishwa na kilichoandikwa kwenye boksi.

Yaliyobaki anayapita haraka. Saa tano za jua zinakuwa “Ianike paneli asubuhi pamoja na nguo, alasiri imejaa”, na chini yake kwa herufi ndogo kidogo: siku ya mawingu haitajaa, tumia mwanga mdogo. IP65 inakuwa “Vumbi haliingii, na mvua ikiikuta uani haidhuriki.” Hasemi inaweza kuzamishwa majini, maana ile tano ni ya maji yanayorushwa tu, na kwa mvuvi anayeweza kuiangusha ziwani tofauti hiyo ni bei ya taa nzima. Mizunguko 2000 ukiigawa kwa siku za mwaka unapata miaka mitano na zaidi, lakini mizunguko hiyo huhesabiwa hadi betri ibaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake. Kwa hiyo haandiki “inadumu miaka mitano”, kwa sababu swichi na waya havikuapa. Anaandika kuwa betri, hata ikichajiwa kila siku kwa miaka mitano, itabaki na sehemu kubwa ya nguvu zake.

Akimaliza, boksi lina sentensi sita au saba fupi, na chini ya kila moja ukichimba unakuta namba. Ndicho ninachokistahi katika kazi hii: hakuna neno “bora” wala “ya kisasa” lililopenya, na bado ukisoma unatamani kuinunua.

Orodha ya zamani haitupwi. Inahamia chini ya boksi, kwa maandishi madogo, kwa sababu siku betri ikichoka fundi ataitafuta. Taa inayochaji LiFePO4 ya 3.2 V huacha kuchaji mapema mno kwa betri ya lithiamu ya 3.7 V, hivyo fundi akiweka hiyo ya pili haitajaa kamwe, na taa iliyokuwa ikifika saa sita itazimika watu wakiwa bado wanakula.