Ikisiri Mbili, Kauli Moja

Ukurasa wa ikisiri husomwa na wengi kuliko ukurasa mwingine wowote wa tasnifu, na ndio unaoandikwa kwa haraka kuliko yote. Mtafiti hukesha miaka miwili na sura zake, kisha ikisiri ya lugha ya pili huiandika usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, au humwachia mtu ambaye hakuisoma kazi yenyewe. Matokeo yake huonekana ukizisoma ikisiri mbili za tasnifu moja kwa pamoja. Ya Kiswahili inasema utafiti umethibitisha, ya Kiingereza inasema utafiti unaashiria. Huku walimu ni wengi, kule wamekuwa karibu wote. Aliyeidhinisha amehesabu maneno, akaona hayazidi 300 kila upande, akaridhika. Kazi iliyoheshimiwa zamani kama sehemu ya uandishi sasa inachukuliwa kama kugonga muhuri.

Kuandika ikisiri mbili zinazosema jambo lile lile ni ufundi wa kupima madai, na hapo ndipo hutofautiana na tafsiri ya kawaida. Zifananishe na mashahidi wawili wanaohojiwa kila mmoja chumbani mwake: wakipishana, kosa mara nyingi liko kwenye jambo ambalo mtafiti mwenyewe hajaliamua. Kila lugha ina mahali inapomruhusu mwandishi kujificha, na mahali inapomlazimisha ajitokeze. Bahati njema ni kwamba maficho ya Kiswahili siyo maficho ya Kiingereza. Anayeziandika zote mbili kwa uaminifu hubanwa pande zote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtafiti ameshuhudia vipindi vya jiografia vya walimu 24 wa kidato cha kwanza, kila mwalimu kipindi kimoja, na ameona kwamba 15 kati yao walichanganya Kiswahili na Kiingereza wakifundisha. Katika ikisiri anaandika: "Walimu wengi walichanganya lugha." Kwa Kiswahili sentensi hii inapita bila swali, maana wengi wanaweza kuwa idadi kubwa tu, au wakawa zaidi ya nusu. Kiingereza hakimwachii nafasi hiyo, kwa kuwa kina neno lake kwa kila maana, na mwandishi lazima achague. Akichagua lile hafifu, amepunguza matokeo yake. Akichagua lile la zaidi ya nusu, ikisiri ya Kiingereza imedai jambo ambalo ya Kiswahili haikulidai. Dawa ni kurudi kwenye Kiswahili na kukinyoosha: "Walimu 15 kati ya 24 walichanganya lugha." Tarakimu haina lahaja. Mtego mwingine wa jamii hiyo ni "wanafunzi wote hawakujibu," sentensi inayoweza kumaanisha kwamba hakuna aliyejibu, au kwamba baadhi tu ndio waliojibu. Anayetaka maana ya pili aandike "si wanafunzi wote waliojibu," na anayetaka ya kwanza aandike "hakuna mwanafunzi aliyejibu." Hapo hata mfasiri mgeni hapotei.

Kiingereza nacho kina pango lake. Hukubali kurundika nomino tatu, ya mwalimu, ya lugha na ya mtazamo, zikakaa bega kwa bega bila kiungo, na msomaji akatikisa kichwa kana kwamba ameelewa. Kiswahili hakikubali. Ni mtazamo wa walimu kuhusu lugha, au ni mtazamo wa wengine kuhusu lugha ya walimu? Kila "wa" na kila "kuhusu" ni uamuzi ambao Kiingereza kiliuahirisha. Ndiyo maana anayeanza na Kiingereza, kisha akaigeuza sentensi neno kwa neno, huishia na mlolongo wa "ya" na "wa" usioonyesha nani anamtazama nani. Mlolongo huo ukionekana, ni dalili kwamba wazo lenyewe bado halijafunguliwa.

Lakini madhara makubwa zaidi hutokea penye sababu na uhakika. Tuseme katika vipindi vile 15 wanafunzi walijibu maswali mengi zaidi kuliko katika vile tisa vilivyobaki. Kiingereza cha kitaaluma kimezoea tahadhari, hivyo ikisiri yake itasema mambo mawili yalionekana kwenda pamoja. Kiswahili cha haraka kitasema: "Kuchanganya lugha kunaongeza uelewa." Katika sentensi hiyo fupi mna makosa matatu. Kitenzi kimegeuza uhusiano kuwa sababu, ilhali huenda walimu waliochanganya lugha ndio wenye uzoefu zaidi. Wakati uliopo umeyafanya ya vipindi 24 kuwa kanuni ya shule zote. Na majibu ya wanafunzi yamepandishwa cheo yakaitwa uelewa, ambao haukupimwa. Sentensi ya kweli ni hii: "Katika vipindi ambamo walimu walichanganya lugha, wanafunzi walijibu maswali mengi zaidi." Hiyo inaweza kuvuka kwenda Kiingereza na kurudi bila kupoteza kitu.

Njia ya kufika huko haina siri. Kabla ya lugha yoyote, mtafiti huorodhesha madai yake, pengine sita au saba: tatizo, waliochunguzwa, mbinu, matokeo, mipaka, hitimisho. Kila ikisiri huandikwa kutoka kwenye orodha hiyo, isiandikwe kutoka kwenye ikisiri nyenzake. Halafu ya Kiswahili hupewa mtu ambaye hajaiona ya Kiingereza, aandike kwa maneno yake kila dai alilolikuta, na uhakika wake. Ya Kiingereza hupewa mwingine. Orodha mbili zikilingana na ile ya kwanza, kazi imekwisha. Urefu si kipimo. Neno moja "hawakuwaelewa" huhitaji maneno matano ya Kiingereza, kwa hiyo ikisiri ya Kiswahili iliyo sawa kimaana kwa kawaida huwa na maneno machache zaidi, na anayeijazia ili zilingane kwa hesabu anaongeza usichokidai utafiti.

Wapo watakaosema lugha mbili haziwezi kamwe kusema jambo moja. Katika shairi, huenda ni kweli. Ikisiri haibebi mizani wala vina. Inabeba idadi, mbinu na kiwango cha uhakika, na hivyo vinavuka. Wengine watasema Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii inawadharau waliotangulia: kazi ya kusanifisha lugha ilipewa kamati yake tangu 1930, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990. Shida ya leo mara nyingi ni uzembe wa kuchagua. "Mkabala wa kimaelezo" hutumika kwa utafiti usio wa takwimu, na pia kwa ule unaoeleza tu hali ilivyo hata kama una takwimu. Anayeitumia istilahi hiyo bila kufafanua ametupa utata wake kwenye lugha, kisha akailaumu lugha.

Na wapo wasemao wasomaji wa ikisiri ya Kiswahili ni wachache. Wachache hao ni pamoja na walimu waliochunguzwa. Msomi wa ng'ambo atanukuu ya Kiingereza bila kufungua sura hata moja, na mwalimu wa kidato cha kwanza atafuata ya Kiswahili darasani kesho yake. Zikipishana, mmoja wao amedanganywa, na hatajua, kwa sababu ukurasa wa pili hakuufungua. Wazee wa kazi hii walijua kwamba tasnifu moja haiwezi kuwa na matokeo mawili eti kwa kuwa imesomwa na watu wawili.